Kuchuja sehemu ya D kwenye PID: mwongozo kamili wa kuzuia kelele isiendeshe hita yako

Dalili yenyewe ni rahisi kuitambua. Kitanzi chako cha PID kinafanya kazi vizuri kikiwa na P na I peke yake, ila kinapitiliza kidogo kabla ya kutulia. Unaongeza D ili kukituliza. Joto linatulia kweli, lakini amri inayokwenda kwenye hita inaanza kurukaruka kama kichaa, juu chini, juu chini, hata wakati maji hayabadiliki joto hata kidogo. Kama mbele yako kuna rilei, unaisikia ikigongagonga. Kama ni vali yenye mota, unaiona ikitetemeka mahali pamoja mpaka inapata moto.

Wengi hapa huifuta D na kurudi kwenye PI. Wakati mwingine huo ni uamuzi sahihi, na tutafika huko. Mara nyingi zaidi, kinachokosekana ni mstari mmoja wa kodi: kichujio cha sehemu ya D. Mwongozo huu unafuata kitanzi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho ili uone namba zinatoka wapi, kisha uweke zako.

Kitanzi chenyewe ni hiki. Tangi dogo la maji lina hita ya umeme, na amri ya hita inakwenda kutoka asilimia 0 hadi 100. Kihisi cha joto kinapima nyuzi 0 hadi 100 za Selsiasi kupitia ADC ya biti 10, yaani ngazi 1024, hivyo ngazi moja ni karibu nyuzi 0.1. Programu inachukua kipimo kila sekunde 0.1, muda huo tutauita `h`. Mipangilio ni `Kp = 8` (asilimia 8 za amri kwa kila nyuzi moja ya kosa) na `Td = 10` sekunde. I ipo pia, lakini katika habari hii haina neno.

Kelele inakuzwa vipi

Sehemu ya D hutazama kasi ya badiliko la joto na kuizidisha kwa `Kp*Td`, ambayo hapa ni 80. Kwenye kompyuta kasi hiyo hupatikana kwa kutoa kipimo cha awali kutoka kipimo cha sasa, kisha kugawa kwa `h`. Kugawa kwa 0.1 ni sawa na kuzidisha kwa 10. Kwa hiyo kila tofauti kati ya vipimo viwili vinavyofuatana, iwe ya kweli au ya uongo, inazidishwa kwa 800 kabla ya kufika kwenye hita.

Sasa fikiria maji yametulia, lakini ngazi ya mwisho ya ADC inapepesa: mara 60.0, mara 60.1. Huo ndio upungufu wa kawaida kabisa wa kifaa cha namna hii, wala si hitilafu. Siku ngazi inapopanda mara moja, tofauti ni nyuzi 0.1, na 0.1 mara 800 ni 80. Kidhibiti kimeona badiliko la ngazi moja, kikaamini kwamba maji yanapanda nyuzi nzima kila sekunde, kikaikata hita kwa asilimia 80. Sekunde 0.1 baadaye ngazi inarudi, na kidhibiti kinaiongezea hita asilimia 80.

Linganisha na ishara ya kweli. Ukimimina maji baridi kiasi kwamba joto linashuka nyuzi 0.02 kila sekunde, badiliko ambalo kweli unataka D ilione, mchango halali wa D ni 80 mara 0.02, yaani asilimia 1.6. Kelele inapiga kelele ya 80, na habari ya maana inanong'ona 1.6.

Sababu ya msingi ni kwamba ukuzaji wa D unapanda pamoja na frikwensi. Mawimbi mawili yakiwa na kimo kimoja, lile linalokwenda haraka mara 10 zaidi lina mteremko mkali mara 10 zaidi, na D hutazama mteremko tu. Joto la tangi linabadilika kwa makumi ya sekunde. Kelele inabadilika kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Ndiyo maana D huipendelea kelele bila kukusudia, tena bila kikomo.

Kutoka hapo unaona pia mtego unaowanasa watu wengi. Mtu anaamua kuongeza kasi ya kitanzi, anachukua kipimo kila sekunde 0.01 badala ya 0.1, akitegemea mambo yawe laini zaidi. Kelele inabaki na kimo kile kile, lakini sasa inagawiwa kwa namba ndogo mara 10. Mruko wa asilimia 80 unakuwa 800. Bila kichujio, kompyuta yenye kasi zaidi inaiharibu D zaidi.

Kichujio kinabadilisha nini

Badala ya `Td*s`, ambapo `s` ni alama ya kutafuta kasi ya badiliko, sehemu ya D inaandikwa hivi:

```
Kp * Td*s / (1 + Tf*s),   Tf = Td / N
```

`Tf` ni muda wa kichujio kwa sekunde. `N` ni namba isiyo na kipimo inayosema kichujio ni kifupi mara ngapi kuliko `Td`. Kwa mabadiliko ya polepole, chini sana ya frikwensi `1/Tf`, kichujio hakionekani na D inafanya kazi kama kawaida. Kwa mabadiliko ya haraka, kupanda kwa ukuzaji kunakoma na kubaki bapa kwenye `Kp*N`. Kwa `N = 10`, kelele ya haraka kabisa inazidishwa kwa 80 na D, si kwa 800, wala haiongezeki tena hata ukichukua vipimo mara elfu kwa sekunde.

Neno la kushika hapo ni bapa. Kichujio hiki hakiipeleki kelele hadi sifuri. Kinaiwekea dari tu. Ukijumlisha na P, kelele ya haraka bado inazidishwa kwa `Kp*(1+N)`. Anayetegemea amri iwe mstari mnyoofu baada ya kuweka kichujio cha daraja la kwanza atasikitika.

Tuone kwa karibu ngazi moja ikipepesa. Maji yako 60.0, kipimo kimoja kinaruka 60.1, kinachofuata kinarudi 60.0. D isiyochujwa inatoa −80, halafu +80, halafu 0. D yenye `N = 10`, ambapo `Tf` ni sekunde 1, inatoa −7.3, halafu +0.66, halafu +0.60, +0.55, na kuendelea kufifia. Tazama kilichotokea kwenye kipimo cha pili. Ngazi iliporudi, D ilikuwa bado inabeba karibu −6.6 ya kumbukumbu ya mruko wa kwanza, hivyo +7.3 mpya ikaikuta na karibu kuifuta kabisa. Hiyo ndiyo kazi halisi ya kichujio: mruko na marejeo yake yanakutana ndani ya kumbukumbu na kuuana. Mteremko wa kweli hauna marejeo, kwa hiyo unajengeka taratibu na kupita.

Hatua ya kwanza: pima kelele yako

Weka kidhibiti kwenye mkono, yaani amri iwe namba moja isiyobadilika, na usubiri mpaka joto litulie. Rekodi vipimo mfululizo kwa dakika kadhaa kwa `h` ile ile utakayotumia kazini. Toa wastani, kisha tafuta mkengeuko sanifu, tuuite σ. Kama joto lilikuwa bado linapanda au kushuka polepole, toa kwanza mwelekeo huo, la sivyo utahesabu badiliko la kweli kama kelele.

Rekodi iwe ya vipimo vibichi. Baadhi ya vifaa vinaonyesha kwenye skrini joto lililokwisha kulainishwa huku vikimpa kidhibiti joto bichi, na ukisoma la skrini utadhani huna kelele kabisa.

Kwenye tangi letu, ngazi mbili za jirani zinapokezana ovyo, nusu kwa nusu. σ yake ni nusu ya ngazi, nyuzi 0.05. Bila kichujio, kelele inayofika kwenye amri kupitia D ina mkengeuko wa `1.41 * Kp*Td/h * σ`, na jibu ni karibu asilimia 57. (Hiyo 1.41 ni mzizi wa 2: tunatoa vipimo viwili, na kila kimoja kinakuja na kelele yake.)

Hatua ya pili: amua amri inaruhusiwa kutikisika kiasi gani

Hapa hakuna fomula. Kuna kifaa kilicho mbele yako. Hita inayoendeshwa na rilei ya kielektroniki haichakai kwa kutikiswa, kwa hiyo inaweza kuvumilia asilimia 5 au zaidi bila shida. Vali yenye mota ni habari nyingine: kila tikisiko linalozidi ulegevu wake ni msuguano na uchakavu, na ungependa kelele ibaki ndani ya ulegevu huo. Rilei ya mitambo inahesabu mipigo. Angalia ni mara ngapi kwa dakika inabadilika, hiyo asilimia haikuambii mengi.

Kuna sababu ya pili ya kutoiachia kelele, na hii haionekani kwa macho. Tuseme tangi linahitaji asilimia 30 ili kubaki kwenye lengo. D isiyochujwa inairusha amri kwenye 110 na −50. Hita haijui 110 wala −50, kwa hiyo mruko wa juu unakatwa kwenye 100 na wa chini kwenye 0. Mruko wa juu ukapata nafasi ya 70, wa chini 30 tu. Kwa kuwa kila mmoja hutokea robo ya muda, wastani wa hita unapanda kwa (70 − 30) gawanya kwa 4, yaani asilimia 10. Hita inatoa 40 wakati kidhibiti kinaamini kimeagiza 30. I italazimika kujishusha ili kufidia, na wewe utakaa unajiuliza mbona I imekaa mahali pa ajabu. Kelele yenye wastani wa sifuri imezaa kosa lisilo la sifuri, kwa sababu tu imegonga dari na sakafu kwa viwango tofauti.

Kwa tangi letu tuseme tunataka kelele ya D isizidi asilimia 2, kikomo hicho tukiite `sigma_u`. Kama `Tf` ni ndefu mara nyingi kuliko `h`, hesabu inakuwa fupi sana:

```
Tf ≈ Kp * Td * sigma / sigma_u
Tf ≈ 8 * 10 * 0.05 / 2 = 2 s
```

`Tf` ya sekunde 2 ni `N = 5`. Hesabu kamili ya kompyuta inatoa asilimia 1.9 kutoka D peke yake, na ukijumlisha P inakuwa karibu 2.3. Kutoka 57 hadi 2.3 si haba. Kwa kulinganisha, `N = 20` ingebakiza karibu asilimia 7 kwenye D, `N = 10` karibu 3.7, na `N = 2` karibu 0.8.

Hatua ya tatu: lipa bei ya fezi ukiwa macho

Kama kichujio kingekuwa cha bure, tungeweka `N = 1` na kwenda zetu. Tatizo ni kwamba D ina thamani kwa sababu moja: inaitanguliza fezi ya kitanzi, yaani inakiwezesha kidhibiti kuitikia kabla kosa halijakua. Kichujio ni ucheleweshaji, na ucheleweshaji unakula utangulizi ule ule ulioununua.

Kinachohesabika ni fezi kwenye frikwensi ambapo kitanzi kinavuka ukuzaji wa 1. Frikwensi hiyo tuiite `w`, na kwenye tangi letu tuseme ni radiani 0.1 kwa sekunde. Fomula, kwa P na D pamoja, ni hii:

```
fezi = atan(w*(Td + Tf)) - atan(w*Tf)
```

Bila kichujio unapata digrii 45. Kwa `N = 20` zinabaki 43.5, kwa `N = 10` zinabaki 42, kwa `N = 5` karibu 39, na kwa `N = 2` zinaporomoka hadi 30. Soma namba hizi sambamba na zile za kelele. Kutoka 20 hadi 10 unapunguza kelele karibu nusu kwa digrii moja na nusu tu. Kutoka 10 hadi 5 unapunguza nusu nyingine kwa digrii 3. Kutoka 5 hadi 2 unalipa digrii 9. Kwa macho yangu, 5 ndipo pazuri pa kusimama kwenye tangi hili. Digrii 6 kwa jumla zinavumilika, na kama kitanzi kinaanza kupitiliza kidogo, punguza `Kp` kwa asilimia 10 hivi kabla hujagusa kitu kingine.

Kuna pia dari isiyokwepeka. Utangulizi mkubwa kabisa ambao P na D iliyochujwa vinaweza kutoa, kwenye frikwensi yoyote ile, ni `asin(N/(N+2))`. Kwa `N = 2` hiyo ni digrii 30, kwa 5 ni karibu 46, kwa 10 ni 56. Mtu aliyeweka `N = 2` halafu anaongeza `Td` akitafuta digrii 50 anatafuta kitu ambacho hakipo.

Kutokana na hayo, utaratibu wangu ni huu: kichujio kiingie kwenye hesabu tangu mwanzo wa kutyuni. Watu hutyuni PID bila kichujio, wanaridhika, kisha wanabandika kichujio juu yake na kushangaa kitanzi kikianza kuyumba. Kidhibiti ulichokityuni na kile unachokiendesha si kimoja tena.

Hatua ya nne: andika kodi

Sehemu yote ya D ni mistari hii:

```c
Tf = Td / N;
a  = Tf / (Tf + h);
b  = Kp * Td / (Tf + h);

D     = a * D - b * (y - y_old);
y_old = y;
```

Kwa tangi letu lenye `N = 5`, `a` ni 0.952 na `b` ni 38.1. Zikokotoe mara moja tu unapobadilisha mipangilio, si kila mzunguko.

Alama ya kutoa ipo kwa sababu D inatazama kipimo `y`, haitazami kosa. Ukitumia kosa, kila unapobadilisha lengo D itapiga teke moja kubwa, maana lengo limeruka papo hapo. Teke hilo si kelele, na kichujio kitalipunguza tu bila kuliondoa. Kutazama kipimo kunalimaliza kabisa.

Mzunguko wa kwanza unahitaji uangalizi. Usipoiwekea `y_old` thamani ya kipimo cha kwanza, itaanza na 0. Maji yakiwa nyuzi 25, D itaona mruko wa nyuzi 25 kwa sekunde 0.1 na kutoa −952. Kisha kichujio, kwa uaminifu wake, kitalikumbuka hilo kwa sekunde kadhaa na hita itabaki imezimwa. Weka `y_old = y` na `D = 0` kila unapowasha, na pia kila unapotoka mkono kwenda otomatiki kama D haikuwa ikihesabiwa.

Umbo la `a` hapo juu linatokana na njia ya kutazama nyuma, na nimelichagua kwa makusudi. `a` yake inabaki kati ya 0 na 1 hata `Tf` ikiwa ndogo kiasi gani. Njia ya kutazama mbele inatoa `a = 1 - h/Tf`, na siku `Tf` ikishuka chini ya nusu ya `h`, D inalipuka yenyewe bila kelele yoyote. Njia ya Tustin hailipuki, lakini `Tf` ikiwa chini ya nusu ya `h`, `a` yake inakuwa hasi, na D inaanza kubadili alama kila kipimo. Ukikutana na amri inayopiga juu, chini, juu, chini kwa mpangilio safi mno usiofanana na kelele, chunguza hapo kwanza.

Jambo jingine la kodi ni `h` yenyewe. Kama mzunguko wako unachelewachelewa, mara 0.08, mara 0.13, huku kodi ikiamini 0.1, basi hata mteremko safi unageuka kelele. Endesha hesabu kwa taima ya maikrokontrola, si kwa kusubiri ndani ya mzunguko.

Hatua ya tano: hakikisha ni D kweli

Rekodi P, I na D kila moja peke yake, si jumla yake tu. Joto likiwa limetulia, D inapaswa kuwa vumbi dogo kuzunguka sifuri, na mkengeuko wake uwe karibu na ule uliokokotoa. Kwetu, asilimia 1.9. Ukiona 4 au 5, ama kelele haikupimwa vizuri, ama `N` haifanyi unachodhani inafanya. Kisha weka `Td = 0` kwa muda. Kama mtikisiko wa amri haupungui, mwizi si D. Mtafute kwenye `Kp` au kwenye kitanzi kinachoyumba chenyewe.

Kelele na kuyumba hutofautishwa kwa kutazama joto lenyewe. Kelele inaitikisa amri na kuliacha joto limetulia. Kitanzi kinachoyumba kinavitikisa vyote viwili, kwa mdundo wa polepole unaojirudia. Ukiona mdundo huo baada ya kuongeza kichujio, umekula fezi kupita kiasi; pandisha `N` au shusha `Kp`.

Herufi moja, maana tatu

Kabla hujanakili `N` kutoka mahali fulani, jua inaitwaje pale. Kwenye bloku ya PID ya Simulink, `N` si uwiano: ni radiani kwa sekunde, na thamani inayokuja nayo ni 100. Hiyo ni `Tf` ya sekunde 0.01, fupi mara kumi kuliko `h` ya tangi letu, na kwa kazi yetu ni sawa na kutokuwa na kichujio. Ili kupata sekunde 2 pale, andika `0.5`. Kwenye PLC za Siemens, `PID_Compact` inatumia uwiano uliopinduliwa: `Tf` ni mgawo huo mara `Td`, na thamani ya kuanzia ni 0.2, ambayo ndiyo `N = 5` yetu. Programu za droni kama Betaflight zinasema kwa hezi. Pale `Tf` ni 1 gawanya kwa 6.28 mara hezi hizo. Mimi hubadilisha kila kitu kuwa sekunde kwanza, kisha ndiyo nalinganisha.

Pale ambapo kichujio hiki hakitoshi

Rudi kwenye maji yanayoshuka nyuzi 0.02 kwa sekunde. Kwa ngazi ya nyuzi 0.1, kipimo kitasimama palepale kwa sekunde 5, kisha kiruke ngazi moja. D haioni mteremko. Inaona mruko mmoja kila sekunde 5. Kichujio cha sekunde 2 kinaugeuza kila mruko kuwa pigo la asilimia 3.8 linalofifia kabla mruko wa pili haujafika. Wastani wake ni ile 1.6 inayotakiwa, lakini inakuja kwa mafungu. Kurefusha `Tf` mpaka sekunde 5 kungekula fezi kama tulivyoona. Dawa iko upande wa kipimo: tumia ADC yenye biti zaidi, au chukua vipimo 16 vya haraka ndani ya kila `h` na utumie wastani wao. Ikiwa ngazi inapepesa yenyewe bila mpangilio, wastani wa vipimo 16 huipunguza σ mara 4, na pia hukupa thamani zilizo katikati ya ngazi. Kama ngazi haipepesi kabisa, wastani hautasaidia kitu, maana utakuwa unajumlisha namba ile ile mara 16.

Tatizo la pili ni umeme wa gridi. Mvumo wa hezi 50 unaoingia kwenye waya za kihisi, ukichukuliwa mara 10 kwa sekunde, hauonekani kama hezi 50. Gridi ikiwa 50.02, kwenye vipimo vyako utaonekana kama wimbi tulivu la hezi 0.02, mzunguko mmoja kila sekunde 50. Hapo hakuna kichujio cha kodi kitakachokuokoa, kwa sababu wimbi hilo linafanana kabisa na joto la kweli. P, I na D zote zitalifuata. Lazima lizuiwe kabla ya kipimo kuchukuliwa: rezista na kapasita mbele ya ADC, au sambaza vile vipimo 16 sawasawa ndani ya milisekunde 20, ambao ni mzunguko mmoja kamili wa hezi 50, ili nusu ya juu na nusu ya chini zifutane.

Na kama bado amri inatikisika, jaribu kuchuja kipimo kizima kwa kichujio cha daraja la pili kabla hakijagawiwa kwa P, I na D:

```
1 / (1 + Tf*s + (Tf*s)^2 / 2)
```

Hiki, tofauti na kile cha kwanza, kinaifanya kelele ya haraka ishuke kweli kuelekea sifuri badala ya kubaki bapa. Bei yake ni kwamba P na I nazo zinacheleweshwa, kwa hiyo kutyuni ni upya.

Hesabu yako ikikudai `N` iliyo chini ya 2 ili kelele ikubalike, utangulizi wa fezi uliobaki hautafikia digrii 30. Kwenye kitanzi cha namna hiyo D imekuwa mzigo: weka `Td = 0`, tyuni PI vizuri, na kama kupitiliza ndiko kulikokuleta kwenye D, lipitishe badiliko la lengo polepole badala ya kulirusha kwa mpigo mmoja.